Kikomo Kilichomo Ndani ya Kikomo

Mfanyakazi mwenye kadi ya bima ya afya hutaka kujua mambo matatu: inalipa kiasi gani, imeanza lini, na haigusi nini. Majibu yote matatu yamo kwenye kijitabu anachokabidhiwa siku ya kuajiriwa. Tatizo ni kwamba hayakai pamoja. Kiasi kiko kwenye jedwali la mwanzo, tarehe ziko kwenye masharti katikati, na mambo yasiyolipiwa yako nyuma kabisa, mengine yamejificha mahali ambapo hakuna anayeyatafuta.

Nilifanya kazi ya utumishi kwa miaka kadhaa katika shirika lililokuwa na miradi wilayani Kasulu na Kibondo, tukiwa na ofisi ndogo Nyakitonto. Tulikuwa na walinzi, madereva, mafundi bomba, wapishi na wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao Waha wa hukohuko, na wachache waliotoka Mwanza na Dar es Salaam. Shirika liliwakatia wote bima ya kampuni binafsi. Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza, kimeandikwa kwa lugha ya mkataba, na nilipewa kazi ya kuyatoa mafao humo na kuyageuza kuwa mwongozo wa Kiswahili ambao mlinzi wa usiku angeweza kuusoma mwenyewe.

Baadhi yetu tulikuwa tumezoea Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ule ulioundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Kule mtumishi anachangia asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na kadi inamhudumia mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mazungumzo ya mfuko ule ni ya huduma: ipi imo kwenye kitita na ipi haimo. Bima ya kampuni binafsi huongeza jambo ambalo mtu aliyetoka serikalini halitegemei, yaani dari ya shilingi kwa mwaka, na chini ya dari hiyo kuna dari nyingine ndogo. Aliyezoea kadi ya kwanza huishika ya pili akidhani zinafanya kazi kwa namna moja.

Dereva wetu mmoja alilisema tatizo lenyewe vizuri kuliko kijitabu. Alikuja ofisini na karatasi ya hospitali mkononi akaniuliza, "Dada, kwenye kitabu wameandika milioni kumi. Mimi sijatumia hata milioni nane kwa mahesabu yangu. Mbona wanasema limiti imeisha?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi na hospitali nayo ilikuwa sahihi. Nitaeleza kwa tarakimu za mfano, zilizo nyepesi kufuatwa, kwa sababu mkataba wa kila mwajiri una zake. Tuseme jedwali la mafao linasema hivi: kulazwa, shilingi 10,000,000 kwa familia kwa mwaka. Mstari unaofuata: uzazi, shilingi 2,000,000. Mstari mwingine: magonjwa sugu, shilingi 3,000,000. Msomaji wa kawaida hujumlisha. Anapata milioni kumi na tano na kufurahi. Lakini pembeni mwa mstari wa uzazi na ule wa magonjwa sugu kuna alama ndogo ya nyota, na chini ya ukurasa nyota hiyo inasema kwamba kiasi hicho kimo ndani ya kikomo cha kulazwa. Kwa hiyo familia ina milioni kumi tu. Milioni mbili za uzazi zinatolewa humohumo. Kinachosemwa na mstari wa uzazi ni kwamba hata kama fedha zote kumi bado zipo, huwezi kutumia zaidi ya mbili kwa kujifungua.

Sasa tuifuate familia moja kwa mwaka mzima. Mwezi wa tatu binti anaugua, anapewa rufaa kutoka Kasulu hadi Bugando kule Mwanza, analazwa na kufanyiwa upasuaji. Gharama ni 7,400,000. Zimebaki 2,600,000. Mwezi wa nane mama anajifungua kwa upasuaji, gharama ni 1,900,000. Kwa upande wa kulazwa zimebaki 700,000. Kwa upande wa uzazi imebaki 100,000. Mtoto anazaliwa na shida ya kupumua, anakaa chumba cha watoto wachanga siku kadhaa, na hesabu yake inakuja 600,000. Baba anasema, "Si zimebaki laki saba? Zinatosha." Lakini kwenye masharti, mbali na jedwali, kuna sentensi inayosema kwamba huduma ya mtoto mchanga katika siku zake za kwanza huhesabiwa kwenye kikomo cha uzazi cha mama. Bima italipa 100,000 na baba atatafuta 500,000. Zile 600,000 zilizosalia kwenye kulazwa zipo, na hazimsaidii mtoto huyu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kuandika "uzazi: milioni mbili" kwenye mwongozo ni kumpa mtu tarakimu isiyo na maana. Tarakimu ya bima haitembei peke yake. Lazima ifuatane na majibu ya maswali manne: ni ya mtu mmoja au ya familia nzima, iko ndani ya kikomo kipi au inajitegemea, inaanza lini, na nini kingine kinachotolewa humohumo. Mtu akikosa jibu la pili au la nne, atafika kwenye dirisha la malipo akiwa na imani isiyo na msingi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi hata moja ya Kiswahili nilitengeneza jedwali la kazi. Kila fao lilikuwa na mstari wake, na safu zilikuwa za maswali hayo manne, pamoja na safu ya tano ya namba ya ukurasa na kifungu. Kanuni niliyojiwekea ni kwamba hakuna kinachoingia kwenye jedwali bila namba ya ukurasa. Kanuni hii ina faida ambayo huonekana baadaye: mtu mwingine anaweza kuchukua jedwali, akafungua kijitabu kwenye ukurasa uliotajwa, akathibitisha. Mhasibu wetu alifanya hivyo. Alianza na mwongozo akarudi nyuma kwenye kijitabu, kinyume na nilivyokwenda mimi, na akakuta kwamba kikomo cha meno na kile cha macho, nilivyoviona vimetajwa mara mbili, vilikuwa na masharti tofauti kidogo katika kila ukurasa. Hatukuchagua kwa kukisia. Tuliiandikia kampuni na kuomba jibu la maandishi.

Safu zilizobaki wazi ndizo zilizokuwa na thamani kubwa. Pale kijitabu kiliposema "kwa mwaka" bila kusema mwaka unaanza lini, au kiliposema "mtegemezi" bila kusema mtoto anakoma kuwa mtegemezi akiwa na miaka mingapi, niliacha nafasi tupu na kuipaka rangi. Nafasi zote zenye rangi ziliwekwa kwenye barua moja. Jibu lilipokuja, liliingizwa kwenye jedwali, na safu ya ukurasa ikaandikwa tarehe ya barua. Jibu la simu nililikataa, hata lilipotoka kwa mtu mkarimu niliyemfahamu. Siku ya madai kukataliwa, anayesoma faili hamjui aliyekuambia kwa simu. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba kijitabu si mkataba. Mkataba uko kwa mwajiri, na mara nyingi una nyongeza zilizojadiliwa baada ya vijitabu kuchapwa. Katika mkataba wetu nyongeza moja iliwaondolea wafanyakazi wote sharti la kusubiri kwa magonjwa ya kawaida. Kijitabu kilikuwa bado kinasema siku thelathini. Ambaye angenakili kijitabu peke yake angewanyima watu haki waliyolipiwa.

Kipindi cha kusubiri kinahitaji nafasi yake, maana watu hukichukulia kama urefu wa muda wakati kwa kweli ni tarehe. Kijitabu husema: ajali, hakuna kusubiri; ugonjwa wa kawaida, siku 30; uzazi, miezi 10; magonjwa sugu na yale mtu aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga, mwaka mmoja. Mfanyakazi akisoma "miezi 10" hajui ahesabu kuanzia wapi. Tangu bima ya shirika ilipoanza? Tangu alipoajiriwa? Tangu kadi ilipofika kutoka Dar es Salaam? Kwenye mikataba niliyofanya nayo kazi, saa huanza siku jina la mtu lilipoingizwa kwenye orodha ya kampuni, na kila mtu ana saa yake. Mfanyakazi aliyeoa miaka miwili baada ya kuajiriwa, mke wake anaanza kuhesabu siku alipoandikishwa yeye, hata kama mume amekwishavuka vipindi vyote.

Kwa sababu hiyo mwongozo wetu haukuandika miezi. Uliandika tarehe. Kila familia ilipewa karatasi yake yenye majina, na mbele ya kila jina tarehe ambayo kila fao linafunguka. Kazi hii inafanywa na Excel kwa urahisi. Ukiweka tarehe ya kuandikishwa kwenye safu ya B, fomula hii inakupa tarehe ya miezi kumi baadaye:

```
=EDATE(B2,10)
```

Aliyeandikishwa 1 Machi 2023 atapata 1 Januari 2024. Ukiona namba ndefu badala ya tarehe, kisanduku kimewekwa kama namba. Kibadilishe kiwe tarehe. Tukaandika kwenye karatasi: "Mama akijifungua kuanzia 1 Januari 2024, bima inalipa hadi kikomo cha uzazi. Akijifungua kabla ya hapo, bima hailipi."

Sentensi ya pili ndiyo iliyozua mjadala nilipoisoma mbele ya wafanyakazi, na nawashukuru kwa kuuzua. Mhudumu wa afya ya jamii aliuliza: mama aliyeshika mimba baada ya kujiunga, akajifungua kabla ya wakati, anakuwaje? Tuhesabu. Ameandikishwa 1 Machi 2023. Hedhi yake ya mwisho ilianza 5 Aprili. Wiki arobaini zinampeleka 10 Januari 2024, siku tisa baada ya mlango kufunguka, yuko salama. Lakini akijifungua katika wiki ya 34, tarehe ni mwisho wa Novemba 2023. Mlango bado umefungwa. Mimba imetungwa ndani ya bima, na bado bima hailipi kujifungua kwake. Tena huyu ndiye mama ambaye mtoto wake atahitaji huduma ya gharama kubwa. Mkataba ulipima siku ya kujifungua, haukupima siku ya kutunga mimba. Iko mikataba inayopima kwa namna ya pili, na tofauti hiyo iko kwenye maneno machache tu, kwa hiyo anayetoa mafao kwenye kijitabu lazima ayatafute maneno hayo kwa makusudi.

Tulilipeleka swali hilo kwa kampuni. Hawakubadilisha sharti. Lakini kwenye mwongozo tuliongeza mstari ambao haumo kwenye kijitabu chochote cha bima: sera ya serikali inatoa huduma za uzazi bila malipo kwa wajawazito katika vituo vya umma, na mama anayetarajia kujifungua kabla ya tarehe yake ya bima aanze na kuendelea na kliniki huko. Haki yake katika kituo cha umma haipotei kwa kuwa mumewe ana kadi.

Kuna jambo jingine kuhusu saa hii ya kusubiri ambalo ni la kwetu hasa sisi tuliofanya kazi za miradi. Mikataba ya ajira ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, ikifuata fedha za wafadhili. Mtu aliyemaliza 31 Desemba na kuitwa tena Februari alijiona hajaondoka. Kwenye orodha ya bima jina lake lilifutwa kisha likaandikwa upya, na saa zote zikarudi sifuri. Mwenye kisukari aliyekuwa amesubiri miezi kumi na moja alianza tena. Baada ya kuliona hili kwenye masharti, tulizungumza na uongozi, na tangu hapo waliotarajiwa kurudi walibakishwa kwenye orodha kwa kulipiwa mwezi huo wa katikati. Gharama ya mwezi mmoja wa bima ni ndogo sana ukiilinganisha na mwaka wa dawa alioupoteza mtu.

Sasa nije kwenye mambo yasiyolipiwa. Orodha ya nyuma ya kijitabu ni rahisi kutafsiri: upasuaji wa urembo, matibabu ya ugumba, virutubisho, dawa za asili, majeraha ya kujidhuru, na kadhalika. Yeyote anaweza kuinakili. Kazi ngumu ni ile ambayo haijaitwa kwa jina lake.

Kijitabu chetu kilikuwa na ukurasa wa maana za maneno, ule ambao wasomaji wote huuruka. Hapo "hospitali" ilielezwa kuwa kituo kilichosajiliwa, chenye vitanda vya kulaza wagonjwa na daktari saa ishirini na nne. Mtu wa Dar es Salaam ataisoma sentensi hiyo na kuiona ya kawaida. Mtu wa kijijini anajua kwamba huduma ya kwanza iliyo karibu naye ni zahanati, yenye tabibu au muuguzi, isiyolaza. Kisha masharti ya kurudishiwa fedha, kurasa kadhaa mbele, yakasema kwamba mwanachama aliyetibiwa nje ya orodha ya watoa huduma atarudishiwa gharama ikiwa ni dharura na ikiwa ametibiwa hospitali. Ziweke sentensi hizo mbili pamoja. Mtoto anapandisha homa ya malaria usiku, mama anamkimbiza zahanati ya karibu, analipa, anahifadhi risiti. Risiti hiyo haitarudishiwa fedha, na hakuna mahali popote kwenye orodha ya mambo yasiyolipiwa palipoandikwa neno zahanati.

Hii ndiyo sababu nasema kazi ya kutoa mafao haianzi kwenye jedwali. Inaanza kwenye maana za maneno. Nilichukua kila neno lililoelezwa pale, nikalitafuta kila linapotokea kwenye kijitabu, na kila nilipolikuta nilisoma sentensi nzima kwa kuweka maana badala ya neno. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. "Dharura" ilikuwa hali inayotishia uhai au kiungo na inayohitaji matibabu mara moja. "Mwenza" alikuwa mmoja, mwenye cheti cha ndoa. "Ugonjwa sugu" ulitajwa kwa mifano, kisukari na shinikizo la damu, lakini maana yenyewe ilikuwa pana kiasi cha kuingiza pumu ya mtoto. Kila moja ya maana hizo ilikuwa na familia halisi nyuma yake katika orodha yetu ya wafanyakazi.

Suala la zahanati tulilipigania. Tulieleza kwa barua jiografia ya Nyakitonto, tukataja vituo vilivyokuwa kwenye orodha ya kampuni na umbali wake, na tukaomba vituo vya karibu viingizwe. Kituo kimoja kiliingizwa kwenye orodha, na kwa zahanati tulipewa kibali cha kurudishiwa fedha za kipimo na dawa za malaria, kwa kiwango kidogo, ikiwa risiti ni ya EFD au ya serikali na ina jina la mgonjwa. Mwongozo uliandika hayo waziwazi, pamoja na siku za mwisho za kuwasilisha risiti ofisini.

Mambo mengine yasiyolipiwa na bima yana mlipaji wake tayari, na mwongozo ukiandika tu "hailipiwi" unamwacha mtu akidhani hana pa kwenda. Ajali ya kazini ni mfano ulio wazi. Fundi bomba akiteleza kwenye ngazi ya tangi akavunjika mkono, kijitabu cha bima ya afya kinasema hailipiwi, na ni sahihi, kwa sababu Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 iliweka mfuko wake, ulioanza kazi 2015, ambao mwajiri peke yake ndiye anayeuchangia. Kinachoharibika ni pale fundi anapofika hospitali na kutoa kadi ya bima kwa mazoea, bila kusema ameumia akiwa kazini. Wiki kadhaa baadaye kampuni inarudisha madai, hospitali inamdai yeye, na taarifa ya ajali haijapelekwa kwenye mfuko unaohusika. Kwa hiyo mbele ya "ajali ya kazini" tuliandika: "Sema mapokezi kuwa umeumia kazini. Piga simu ofisini siku hiyohiyo." Kwa dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI tuliandika kwamba zinatolewa bure kwenye vituo vya serikali na vingine vinavyoshirikiana nayo, hivyo hakuna haja ya kuzitafuta kwa kadi.

Mstari huo wa mwisho niliuweka nikiwa na watu fulani moyoni. Ofisi yetu ilikuwa ndogo. Mtu aliyetaka kujua kama ugonjwa wake unalipiwa alilazimika kuja kwangu, kufunga mlango, na kila aliyekuwa ukumbini aliona mlango umefungwa. Wengi hawakuja. Mwongozo mzuri humjibu mtu kabla hajalazimika kuuliza, na hicho ndicho kipimo nilichokitumia kuamua nini kibaki na nini kiondoke. Maelezo ya jinsi kampuni inavyokokotoa ada yaliondoka. Sharti la kueleza ugonjwa ulionao kwenye fomu ya kujiunga lilibaki, kwa maneno haya: kueleza kunakufanya usubiri mwaka mmoja, lakini kuficha kunaipa kampuni sababu ya kukataa madai hata baada ya mwaka huo.

Mpangilio ulibadilika baada ya wafanyakazi kuusoma. Nilikuwa nimefuata vichwa vya kijitabu: wagonjwa wa nje, kulazwa, uzazi, meno, macho. Mama mmoja aliyekuwa mpishi wetu alifungua, akatafuta, akafunga. Nilipomuuliza alikuwa anatafuta nini, alijibu, "Mjukuu wangu ninayemlea. Namtafuta hayumo." Hakuwa anatafuta fao, alikuwa anatafuta mtu. Tukapanga upya kwa mambo yanayompata mtu: mtoto anaugua usiku, mama ana mimba, nimeambiwa nilazwe, nimeumia kazini, nalea mtoto ambaye si wa kumzaa, nimepewa rufaa hospitali ya Maweni au Bugando, mkataba wangu unaisha. Chini ya kila kichwa palikuwa na hatua za kufanya, kiasi, tarehe na kisicholipiwa, vyote pamoja, na mwishoni namba ya ukurasa wa kijitabu. Kuhusu mjukuu jibu lilikuwa kwamba anahitaji hati ya mahakama ya kulea. Halikuwa jibu zuri kwa mpishi wetu, lakini alilipata mapema, na akaanza kuishughulikia hati hiyo.

Chini ya "nimeambiwa nilazwe" tuliweka hatua moja ambayo ingemsaidia yule dereva: kabla ya kulazwa, uliza salio la vikomo vyote viwili, kile kikubwa na kile kidogo kilichomo ndani yake. Kampuni inalo, na hospitali hulipata inapoomba kibali. Mtu anayeuliza salio moja tu atapewa lile kubwa.

Mwongozo wa namna hii huzeeka haraka. Mkataba wa bima ni wa mwaka, na vitita hubadilika: hata kitita kipya cha Mfuko wa Taifa kilichoanza kutumika 1 Machi 2024 kilibadilisha huduma na bei ambazo watu walikuwa wamezizoea. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza tuliandika tarehe mwongozo unapoanza na unapokoma kutumika, na chini tukaandika kwamba pale unapotofautiana na mkataba, mkataba ndio wenye nguvu. Tuliongeza pia kwamba madai yakikataliwa mfanyakazi aombe sababu kwa maandishi yenye namba ya kifungu, na asiporidhika aanze kwa kampuni yenyewe kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Watu wengi wenye kadi hawajawahi kuambiwa kwamba msuluhishi huyo yupo.

Kama wewe ndiye unayeshika mafaili ya utumishi mahali penu, omba mkataba kamili pamoja na nyongeza zake zote, usikubali kupewa kijitabu peke yake. Fungua kwanza ukurasa wa maana za maneno, utafute "hospitali" imeelezwaje, kisha ulinganishe na mahali watu wako wanapokimbilia usiku mtoto anapopata homa. Kama havilingani, iandikie kampuni kabla mkataba haujahuishwa, kwa sababu baada ya sahihi kuwekwa itabidi msubiri mwaka mwingine.